Kuhesabu Siku Kurudi Nyuma: Namna ya Kupanga Uzinduzi wa Bidhaa Idara Sita Zinapokutana kwenye Makataa Mamoja

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chukua kiwanda kidogo cha viungo kilichoko Changamwe, Mombasa, ambacho kinataka kuingiza sokoni mchanganyiko mpya wa viungo vya pilau katika pakiti ya gramu 50. Idara zinazohusika ni sita: ubora, uzalishaji, masoko, mauzo, fedha na ununuzi, na ghala liko chini ya ununuzi. Kiwanda ni cha kubuni, lakini muda niliouweka kwa kila kazi ndio niliouzoea katika miaka ya kuratibu kazi za aina hii. Wewe weka muda ambao wasambazaji wako wamekuandikia, si ule unaoutamani.

Kwanza, Siku ya 0 iwe na maana moja

Kabla ya kuandika tarehe yoyote, mwulize kila mkuu wa idara, akiwa peke yake, swali hili: siku ya uzinduzi bidhaa itakuwa wapi? Mtu wa masoko atakwambia iko mezani mbele ya wageni. Wa mauzo atasema iko kwenye rafu za supamaketi na katika maduka ya jumla kule Marikiti. Wa uzalishaji atasema imeshatoka kwenye mashine na kuingia ghalani. Majibu yote matatu ni ya kweli, ila kati ya jibu la kwanza na la tatu kuna tofauti ya siku nane, na siku hizo nane ndizo watu watakazokuja kugombania baadaye bila kujua walianza kuhesabu kutoka mahali tofauti.

Katika mfano wetu tumekubaliana kwamba Siku ya 0 ni siku ambayo mteja wa kawaida anaweza kuinunua pakiti hiyo dukani, Nyali au Likoni, na tumeiweka Jumamosi tarehe 16 Januari 2027. Tarehe hiyo haikuokotwa. Ramadhani ya mwaka huo inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari kutegemea mwezi kuandama, na anayeuza viungo Mombasa anajua kwamba nyumba nyingi hujaza makabati katika siku za mwisho za Shaabani, wakati wa vunja jungu. Bidhaa mpya inahitaji wiki tatu hivi za kuzoeleka kabla ya hapo, ili mwenye duka aone inatoka na aagize mara ya pili. Usiifunge Siku ya 0 kwenye mwezi wenyewe, kwa sababu hesabu ya kurudi nyuma haiwezi kuanzia kwenye tarehe inayoweza kusogea usiku wa kuamkia.

Kuanzia hapa nitaandika S-0 kwa siku ya uzinduzi, S-65 kwa siku ya 65 kabla yake, na S+4 kwa siku ya nne baada yake. Andika alama hiyo pamoja na tarehe ya kalenda kila mahali. Alama inamwonyesha mtu amebakiwa na umbali gani, na tarehe inamzuia kukosea siku.

Pili, tafuta kitu ambacho idara zote zinakigusa

Kosa la kawaida ni kuanza na orodha ya kazi za kila idara. Orodha hizo huwa ndefu, kila moja inapendeza ikiwa peke yake, na hakuna hata moja inayoonyesha mahali kazi zinapogongana. Badala yake, tafuta kitu kimoja ambacho hakiwezi kukamilika bila mikono ya karibu kila idara, halafu jenga kalenda kukizunguka hicho.

Kwa bidhaa ya kupakiwa, kitu hicho karibu kila mara ni mchoro wa pakiti. Utazame kwa karibu utaona kwa nini. Jina, rangi na picha ya sinia la pilau vimetoka masoko. Orodha ya viungo, maelezo ya kuhifadhi na muda wa matumizi vimetoka ubora, pamoja na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba ya kibali inayokaa chini ya alama hiyo. Uzito umetoka uzalishaji. Msimbopau, ambao kwa kampuni zilizosajiliwa GS1 Kenya huanza na 616, unasubiriwa na mauzo kwa sababu supamaketi haiwezi kuiingiza bidhaa kwenye mfumo wake bila namba hiyo. Vipimo vya pakiti vimetoka kwa fundi wa mashine ya kupakia. Fedha hawaandiki neno lolote kwenye pakiti, lakini wao ndio watakaolipa malipo ya kwanza, na bila malipo hayo mchapaji hagusi kazi.

Kuhusu kibali cha KEBS nina msimamo mkali kidogo. Kibali hutolewa kwa bidhaa na chapa mahususi, na muda wa kukipata hauko mikononi mwako. Kwa hiyo usiuweke ndani ya hesabu kana kwamba ni kazi ya idara ya ubora yenye siku kumi. Hesabu ianze kibali kikiwa mkononi. Mteja anaweza kutuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ili kuhakikisha kwamba ni ya kweli, kwa hiyo namba ya kubahatisha, au tarakimu moja iliyokosewa, itajulikana siku hiyo hiyo.

Tatu, hesabu kutoka mwisho, na hesabu siku za kazi

Sasa shika kalamu uanzie S-0. Ili pakiti ziwe kwenye rafu Jumamosi tarehe 16 Januari, ni lazima ziwe zimepokewa na maduka kufikia Jumanne tarehe 12, yaani S-4, kwa kuwa kuna maduka ya Ukunda na Mtwapa ambayo hayapokei mzigo kila siku. Ili zianze kusambazwa, ni lazima ziwe ghalani, zimehesabiwa na kufungwa katoni, Ijumaa tarehe 8 Januari, yaani S-8.

Tunataka pakiti 24,000 za awali. Mashine yetu imeandikwa kwamba inatoa pakiti 40 kwa dakika, lakini ukiondoa kubadilisha rola za plastiki ya pakiti, kusafisha na kurekebisha uzito, wastani wa kweli ni kama 20. Hiyo ni pakiti 1,200 kwa saa, na kwa saa sita na nusu za kazi halisi ni 7,800 kwa siku. Siku tatu hazitoshi kwa upungufu wa pakiti mia sita tu, kwa hiyo tunaweka nne: Jumatatu tarehe 4 hadi Alhamisi tarehe 7 Januari. Kilo 1,200 za viungo zitasagwa katika siku nne za kazi za wiki iliyotangulia, kuanzia tarehe 28 hadi 31 Desemba, si mapema zaidi, kwa sababu iliki na karafuu zikishasagwa hupoteza harufu hata zikifungwa vizuri.

Hapa ndipo mtu asiye mwangalifu hunaswa. Ataona upakiaji unaanza tarehe 4 Januari, atasema rola za pakiti zifike tarehe 2, kisha atahesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Mchapaji wetu yuko Nairobi na, kama viwanda vingi vya huko, anafunga kabla ya Krismasi na kufungua baada ya Mwaka Mpya. Tarehe 2 Januari haipo kwa mchapaji, na ukirudi nyuma, siku ya mwisho iliyopo ni Alhamisi tarehe 17 Desemba. Lori litasafiri usiku na rola zitapokewa Changamwe Ijumaa tarehe 18, yaani S-29. Kinachoonekana kwenye kalenda kama wiki mbili za akiba, sehemu kubwa ni siku za sikukuu na za kusaga viungo. Akiba ya kweli ni Jumatatu hadi Jumatano, tarehe 21 hadi 23, na mbili za kwanza tunazitumia kujaribu rola kwenye mashine.

Tuendelee kurudi. Kuchapa, kugandisha tabaka za plastiki, kusubiri gundi ikauke na kukata rola kwa upana wa mashine yetu kunachukua siku 15 za kazi, ikiwemo foleni ya wateja wengine. Kuchonga silinda za kuchapishia, moja kwa kila rangi, kunachukua siku 10 za kazi. Jumla ni siku 25 za kazi kabla ya tarehe 18 Desemba, nazo zinatufikisha Ijumaa tarehe 13 Novemba kama siku ya kwanza ya kuchonga. Maana yake ni kwamba mchoro uliotiwa sahihi pamoja na malipo ya kwanza vinapaswa kuwa kwa mchapaji kufikia Alhamisi tarehe 12 Novemba. Hiyo ni S-65, na hayo ndiyo makataa ya pamoja ya idara zote sita.

Ukitumia lahajedwali, usihesabu kwa vidole. Weka tarehe ya S-0 kwenye B1, orodhesha sikukuu na siku ambazo mchapaji amefunga kwenye H2 hadi H30, na sikukuu na siku ambazo kiwanda chako kimefunga kwenye I2 hadi I30, halafu andika fomula kama hizi:

```
=WORKDAY(B5,-15,$H$2:$H$30)
=WORKDAY.INTL(B7,-4,11,$I$2:$I$30)
=B5-$B$1
```

Ya kwanza inarudi nyuma siku 15 za kazi kutoka tarehe iliyo kwenye B5, bila kuhesabu Jumamosi na Jumapili. Ya pili ni ya kiwanda kinachofanya kazi Jumamosi, kwa kuwa namba 11 inaiambia lahajedwali kwamba siku ya mapumziko ni Jumapili peke yake. Ya tatu inakupa umbali kutoka S-0. Kumbuka kwamba kiwanda chako na cha mchapaji huenda visiwe na wiki ya kazi inayofanana, kwa hiyo fomula hufuata kalenda ya yule anayefanya kazi hiyo, si ya yule anayeisubiri.

Nne, yageuze makataa ya pamoja yawe ngazi

Ukiwaandikia watu sita kwamba mchoro ukamilike tarehe 12 Novemba, wote sita wataleta vitu vyao tarehe 12 Novemba saa kumi jioni. Hawatakuwa wamekosea, kwa kuwa ndivyo ulivyowaambia. Makataa ya pamoja ni ya kitu, hayawezi kuwa ya mtu. Kila mtu apewe siku yake mwenyewe, iliyopangwa kulingana na nani anamsubiri nani.

Tuseme mkutano wa kwanza unafanyika Jumatatu tarehe 19 Oktoba. Siku inayofuata ni Mashujaa, kwa hiyo kazi inaanza kwa kweli Jumatano. Fundi wa mashine anakuwa wa kwanza: Ijumaa tarehe 23 Oktoba anakabidhi vipimo vya pakiti, pamoja na mahali ambapo kichapishi cha mashine kitapiga tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Sehemu hiyo iachwe wazi bila rangi, la sivyo wino hautashika. Mbunifu hawezi kuanza bila vipimo hivyo, na akianza kwa kukisia atarudia kazi yote.

Ubora na uzalishaji wanakabidhi maneno na uzito Jumatano tarehe 28 Oktoba. Mauzo wanakabidhi msimbopau Alhamisi tarehe 29. Mchoro wa kwanza kamili unatoka masoko Jumatano tarehe 4 Novemba. Usomaji wa pamoja ni Alhamisi tarehe 5, masahihisho yanarudi Jumatatu tarehe 9, usomaji wa pili ni Jumanne tarehe 10, na sahihi zinatiwa Jumatano tarehe 11. Fedha wanalipa siku hiyo hiyo ili pesa zionekane kwa mchapaji tarehe 12. Utaona sikuweka kikao chochote Ijumaa. Kwa Mombasa, Ijumaa hukatwa katikati na swala, na kikao kilichowekwa saa tano hugeuka kikao cha watu wanaotazama saa.

Malipo yanastahili maneno machache zaidi, kwa kuwa ndipo ngazi hii huvunjika mara nyingi. Siku za mchapaji hazianzi kuhesabiwa mchoro unapokubaliwa, bali pesa zinapoingia. Ikiwa hundi au uhamisho unahitaji sahihi mbili na mmoja wa watia sahihi yuko safarini, umepoteza siku bila idara yoyote kuchelewa kazi yake. Kwa hiyo hati ya malipo iandaliwe na kupitishwa wiki moja kabla, ikisubiri jambo moja tu: sahihi za mchoro. Hii ni kazi inayokwenda sambamba na usomaji, wala haina sababu ya kuufuata.

Kila ngazi iwe na mpokeaji anayetajwa kwa cheo. Usiandike kwamba ubora wanamaliza orodha ya viungo. Andika kwamba mkuu wa ubora anamkabidhi mbunifu orodha ya viungo iliyotiwa sahihi. Kazi ya kumaliza haina shahidi, lakini ya kukabidhi ina watu wawili, na wa pili atapiga simu asipopata kitu chake.

Tano, mchoro uwe na mwenyewe mmoja

Masoko watadai mchoro ni wao. Mimi huwapa ununuzi. Sababu ni kwamba afisa ununuzi ndiye anayezungumza na mchapaji kila siku, ndiye atakayeulizwa rola zikichelewa, na hana mapenzi na rangi wala maneno yoyote yaliyomo. Mbunifu ataendelea kuchora, lakini faili la mwisho linakaa kwa ununuzi na hakuna anayelibadilisha bila kupitia kwake. Jina la faili libebe namba ya toleo na tarehe, kwa mfano `pilau50g_v3_2026-11-09.pdf`. Neno `final` nimelipiga marufuku, kwa kuwa nimeshawahi kuona mafaili manne yenye jina hilo katika folda moja.

Usomaji wa pamoja ufanyike chumbani, mchoro ukiwa umechapwa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi. Kusambaza kwa barua pepe ili kila mtu aandike maoni yake huzaa matoleo matano yanayopingana. Mtu mmoja anasoma pakiti kwa sauti, neno kwa neno na tarakimu kwa tarakimu, na mwenye hati ya asili anafuatisha kwa kidole kwenye hati yake. Ubora wana fomula na cheti cha kibali, mauzo wana hati ya msimbopau, uzalishaji wana karatasi ya uzito. Kisha kata karatasi, ikunje iwe pakiti, uupime msimbopau kwa kifaa cha kusomea. Mistari yake isiwe myekundu hata kama rangi ya chapa ni nyekundu, kwa sababu mwanga wa vifaa vingi vya dukani ni mwekundu na hautaiona.

Nieleze kwa nini ninasisitiza hati ya asili. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, tulifika siku ya kujaribu rola mpya tukiwa na furaha, kwa kuwa zilikuwa zimewahi kwa siku mbili. Fundi alipitisha pakiti ya kwanza, akaipasua ncha kutazama mshono, akaridhika. Ya pili akaiweka kwenye mizani ndogo iliyoko kando ya mashine, nayo ikasoma gramu 47 pamoja na plastiki yenyewe. Akaigeuza, akasoma kilichochapwa, akaniita. Pakiti iliandikwa gramu 50. Wiki tano nyuma, fedha na uzalishaji walikuwa wamekubaliana kushusha uzito hadi gramu 45 ili bei isipande, wakawaarifu mauzo, na hakuna aliyekumbuka kwamba uzito huo ulikuwa umeshachongwa kwenye silinda. Kuuza gramu 45 ndani ya pakiti inayosema 50 ni kosa la kisheria, na rola zilikuwa zimeshalipiwa. Hatukuwa na njia ila kujaza gramu 50 kwa bei iliyopangiwa gramu 45 mpaka rola ziishe, na zilituchukua miezi saba kuisha.

Tangu hapo huandika karatasi moja ya mambo yaliyofungwa. Kila jambo lililo kwenye pakiti lina mstari wake, hati yake ya asili, mwenye nalo na tarehe lilipofungwa. Baada ya tarehe hiyo, anayetaka kulibadilisha anaanza na ununuzi, na swali la kwanza analoulizwa ni hili: mabadiliko haya yanasogeza S-65 kwa siku ngapi? Msaada mwingine ni wa kiufundi. Mwombe mchapaji aweke maneno na tarakimu zote zinazoweza kubadilika kwenye rangi moja, mara nyingi nyeusi. Likitokea la kutokea, mtachonga upya silinda moja badala ya sita, ingawa siku za kuchonga bado mtazipoteza.

Sita, angalia pia mashine na watu, si tarehe peke yake

Kazi mbili zinaweza kuwa na tarehe zisizogongana na bado zikagombania kitu kimoja. Jaribio la rola limewekwa tarehe 21 na 22 Desemba, wakati mashine ile ile inapakia viungo vya chai kwa maagizo ya sikukuu. Kwenye kalenda ya uzinduzi huoni tatizo lolote, kwa sababu viungo vya chai havimo humo. Ndiyo maana lahajedwali yangu huwa na safu ya ziada inayotaja mashine, chumba au mtu anayehitajika, na kila Jumatatu naipanga kwa safu hiyo. Jina moja likijitokeza mara mbili katika wiki moja, hapo pana mgongano. Kwa mfano wetu, mkuu wa uzalishaji anafunga mashine kwa ajili ya jaribio saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana kwa siku hizo mbili, na idara ya mauzo inaarifiwa mapema mwezi Novemba kwamba maagizo ya chai ya wiki hiyo yatapungua.

Saba, weka siku ya kuamua

Watu wengi huahirisha uzinduzi siku ambayo hakuna tena la kuokoa. Weka tarehe moja mapema, kabla ya fedha za matangazo ya redio na ukumbi kulipwa, ambapo swali moja litajibiwa kwa ndiyo au hapana. Katika mfano huu ni Alhamisi tarehe 3 Desemba, yaani S-44, na swali ni hili: je, wino umeshagusa plastiki? Afisa ununuzi asilete jibu la simu. Alete picha ya rola ikiwa kwenye mashine ya mchapaji.

Jibu likiwa hapana, rola hazitafika kabla ya kufunga. Mchapaji akifungua Jumatatu tarehe 4 Januari, zinaweza kufika Ijumaa tarehe 8 ikiwa kazi iliyobaki ni ndogo. Jaribio litakuwa tarehe 11, upakiaji tarehe 12 hadi 15, usambazaji wiki inayofuata, na uzinduzi Jumamosi tarehe 23. Bado zinabaki kama siku 16 kabla ya Ramadhani, na hasara ni ndogo kwa kuwa hakuna aliyelipa redio. Uamuzi huo huo ukifanywa tarehe 30 Desemba unagharimu ukumbi, matangazo na heshima yako mbele ya mnunuzi wa supamaketi aliyekutengea rafu.

Kwa sababu hiyo, kazi zote za masoko zinazolipiwa bila kurudishiwa zipangwe baada ya S-44. Mauzo wao wasisubiri. Kuorodheshwa kwenye mfumo wa supamaketi kunaweza kuanza mara tu mchoro unapotiwa sahihi, kwa kutumia picha ya mchoro, msimbopau na sampuli zilizofungwa kwa mkono.

Nane, vikao vifupi, kisha siku za mwisho

Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Desemba kikao kimoja kwa wiki kinatosha, Jumanne saa tatu asubuhi, nusu saa. Usimwulize mtu amefika asilimia ngapi. Uliza amekabidhi nini tangu wiki iliyopita na kwa nani, na anasubiri nini kutoka kwa nani. Anayesema kazi yake iko asilimia tisini kwa wiki mbili mfululizo anasubiri kitu ambacho hajakitaja, na kazi yako ni kukijua kabla kikao hakijaisha. Baada ya kikao, badilisha tarehe kwenye lahajedwali moja inayoonwa na wote, na usimtumie mtu nakala yake.

Kuanzia tarehe 4 Januari watu wanaonana kila siku saa mbili na robo, wakiwa wamesimama kando ya mashine. Hesabu inayosomwa ni moja: pakiti zilizopita mizani jana. Zikiwa chini ya 6,000 kila siku kwa siku mbili za kwanza, idhini ya kufanya kazi Jumamosi tarehe 9 itolewe papo hapo, kwa kuwa siku hiyo ndiyo akiba pekee iliyobaki kabla ya malori kuanza kupakiwa Jumatatu.

Jambo la mwisho la kupanga limo baada ya S-0, na ni vizuri liwemo kwenye kalenda tangu Oktoba. Pakiti moja inakula sentimita 15 za rola, kwa hiyo pakiti 24,000 ni mita 3,600, na ukiongeza asilimia 10 ya upotevu unakaribia mita 4,000. Agiza mita 8,000 tangu mwanzo, kwani hakuna muda wa kuchapa tena kabla ya Ramadhani. Jumatano tarehe 20 Januari, yaani S+4, mauzo wanaleta hesabu ya pakiti zilizobaki katika maduka kumi yaliyochaguliwa. Zikiwa zimetoka zaidi ya nusu, viungo vinasagwa na kupakiwa kuanzia Alhamisi tarehe 21 hadi Jumanne tarehe 26, bila Jumapili kuhesabiwa, ghala linapokea tarehe 27, na mzigo wa pili unaingia madukani tarehe 29 na 30, ukiwa umebaki muda wa kama siku tisa kabla mwezi haujaandama.